Siku Tatu za Bure Kila Mwezi

Mshahara wangu ukishakatwa mchango wa pensheni hubaki shilingi 1,000,000, kisha kodi ya mapato nayo inakuja kuchukua chake. Kwa viwango vya Tanzania Bara, 270,000 za kwanza haziguswi, 250,000 zinazofuata hukatwa asilimia 8, halafu 240,000 asilimia 20, na 240,000 za mwisho asilimia 25. Jumla ni 128,000. Mwezi wa siku 22 za kazi una saa 176. Piga hesabu mwenyewe: saa 22 na nusu, karibu siku tatu, nimekalia kile kiti kibovu cha ofisini kwa faida ya watu nisiowajua.

Kumbe nina wakili. Robert Nozick, profesa wa falsafa wa Harvard, alichapisha mwaka 1974 kitabu kiitwacho Anarchy, State, and Utopia, na humo anasema kodi ya mapato ya kazi iko sawa na kazi ya shuruti. Kumchukulia mtu malipo ya saa kadhaa, kwake, ni kama kumchukulia saa zenyewe na kumtuma akawafanyie wengine kazi.

Tena ana mfano mtamu. Kuna mtu furaha yake ni sinema, kwa hiyo lazima afanye kazi ya ziada apate hela ya tiketi. Mwingine furaha yake ni kutazama jua likizama, bure kabisa. Kwa nini wa kwanza ndiye atozwe ili kusaidia maskini, na wa pili aachwe na starehe yake? Niliposoma hapo nilimwona shemeji yangu waziwazi. Mimi nikitaka tiketi ya 10,000 ya Simba na Yanga, kila shilingi inayozidi milioni hukatwa asilimia 30, kwa hiyo lazima nihangaikie zaidi ya 14,000. Yeye anakaa barazani anacheza bao, na jioni jua linamzamia pale pale bila risiti.

Nilimweleza. Akasogeza kete zake, akasema, "Shemeji, nani kakushika mkono? Njoo ukae hapa." Nozick ana jibu: kuachiwa njia ya kukwepa hakuondoi shuruti, kama waliokubana wamekubana kwa makusudi na bila haki. Shemeji hakutishika. Akanikumbusha kodi ya nyumba ya Mjerumani, rupia 3 kwa mwaka, iliyodaiwa hata kwa mtu asiyeuza wala kuajiriwa. Asiyekuwa na rupia alikwenda kuzitafuta kwa jasho kwenye mashamba ya walowezi, au akapelekwa kazini kwa nguvu. Kodi ile ilimfuata mtu hadi barazani. Hii yangu inangoja kwanza nichume 270,000.

Hapo sikuwa na la kusema, ingawa jambo la sinema na jua bado linaniuma. (Na shemeji asijidai sana: kwenye kila soda anayokunywa analipa kodi ya ongezeko la thamani. Soda zenyewe nanunua mimi.)

Aliyenifurahia ni baba mdogo, mwenye shamba Tanga. Alitaka nimsomee nadharia yote, nami nikasoma kwa madaha. Mali ni yako kwa haki kama ilipatikana kwa haki ilipokuwa haina mwenyewe, au kama uliipata kwa hiari ya aliyekuwa na haki nayo: kwa kuuziwa, kupewa au kurithi. Hakuna anayeulizwa kama anayo nyingi kuliko jirani. Baba mdogo alipiga paja, akasema huyo ndiye mtu.

Kwa bahati mbaya nilikuwa sijafika kanuni ya tatu, ya kurekebisha dhuluma za zamani. Shamba lake ni kipande cha shamba la zamani la mkonge. Mwaka 1895 amri ya Kaiza iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola, na wenyeji waliokuwa wakiipumzisha mwaka huu wailime mwaka ujao hawakuulizwa. Baada ya hapo imepita mikono mingi, na baba mdogo alinunua kwa hela yake halali. Lakini kwa Nozick kununua kwa asiyekuwa na haki hakukupi haki, hata uwe na mihuri mingapi. Tena yeye mwenyewe anakiri kwamba dhuluma za nyuma zinaweza kuwa kubwa kiasi cha kuhitaji, kwa muda, serikali yenye mamlaka mapana zaidi ili kuzirekebisha.

"Kwa muda gani?" akauliza baba mdogo.

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akaniuliza kama hiyo kodi yangu ya 128,000 kweli ni nyingi kiasi cha kuwasumbua watu na vitabu.