Mheshimiwa Waziri, keshia aulize PIN kabla ya kuchapa risiti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa, Nairobi.

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima naomba uniwie radhi kwa kuchukua muda wako. Najua meza yako imejaa mambo mazito. Hili langu ni la mstari mmoja tu kwenye risiti, lakini linawaumiza wafanyabiashara wadogo tuliosajiliwa kulipa VAT.

Risiti ya eTIMS isiyo na PIN ya mnunuzi ni halali, na ni sawa iwe hivyo. Mama anayenunua sukari ya nyumbani hana haja ya kutaja PIN yake dukani. Ila mwenye duka akinunua bidhaa za kuuza, karatasi hiyohiyo haimfai, kwa kuwa hawezi kuitumia kudai VAT ya manunuzi.

Niruhusu, Mheshimiwa, nikupe mfano. Muuza rangi ananunua mzigo wa shilingi 100,000, na VAT ya asilimia 16 ni 16,000. Anauza kwa 120,000, na anakusanya VAT ya 19,200. Kama ankara ina PIN yake, anatoa zile 16,000 na kuipelekea KRA 3,200. Faida yake inabaki 20,000. Kama haina PIN, analipa 19,200 zote, na katika ile faida anabaki na 4,000.

Kinachowaponza wengi ni kwamba karatasi zote mbili zina msimbo wa QR na nambari ya ankara, kwa hiyo mnunuzi huona mambo yako sawa. Tofauti iko kwenye sehemu ya PIN ya mnunuzi: ama ni tupu, ama ina herufi na tarakimu 11, zikianza na A kwa mtu binafsi au P kwa kampuni. Kuijaza kwa kalamu hakusaidii, maana taarifa za mauzo zimeshatumwa KRA bila PIN. Dawa ni muuzaji kutoa hati ya krediti ya kufuta mauzo ya kwanza, kisha ankara mpya yenye PIN. Hapo ndipo tunapokwama. Duka moja la jumla liliniambia hesabu za siku zimefungwa, nirudi wiki ijayo. Na sheria inatupa miezi 6 tu ya kudai.

Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa, nakuomba mambo mawili. Kanuni zimtake keshia aulize, “Una PIN?” kabla hajachapa. Na mnunuzi akirudi na risiti yake ndani ya siku 7, muuzaji alazimike kumrekebishia bila malipo. Serikali haitapoteza kodi yoyote inayostahili kulipwa, kwani zile 16,000 muuzaji wa kwanza ameshazikusanya.

Wako mtiifu,
Mwenye duka la rangi, Nakuru