Saa Tatu ya Nani?

Chukua tangazo la kawaida: “Mtihani wa mtandaoni, saa 3:00, wote mwanze pamoja.” Aliyeliandika yuko Mbeya, na kwake jua halichomozi popote kabla ya kuomba ruhusa Mwanjelwa.

Mtahiniwa wa Iringa ameelewa. Wa Lilongwe, ambako saa iko nyuma kwa moja, anajiuliza kama aamke usiku wa manane. Wa Tunduma, Mtanzania kamili, simu yake imenasa mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ikarudi nyuma saa nzima bila kugonga muhuri uhamiaji.

Dawa ni kuandika 06:00 UTC, kisha saa ya kila mahali: Iringa 9:00, Lilongwe 8:00, Muscat 10:00. London ni 7:00 Julai, lakini Januari ni 6:00, giza totoro, maana Waingereza husogeza saa zao. Huo ni usawa wa kuanza pamoja, mmoja akiwa bado na shuka. Mtihani ukisogezwa hadi adhuhuri ya Mbeya, London ya Januari inakuwa 9:00 na Muscat 13:00. Isiwe Ijumaa tu.

Limebaki lango la kutokea. Kwenye Moodle, mtihani wa dakika 90 ukifunguliwa 12:00 na kufungwa 13:30, aliyecheleweshwa na mtandao hadi 12:10 hupata dakika 80, kwa kuwa muda wa kufunga haumsubiri mtu. Ukifungwa 13:45 anapata zote 90. Robo saa tu, lakini tangazo limeshagongwa muhuri.