Ujumbe wa Maneno Kumi na Mawili

Ukishajulikana kwenye ukoo kuwa ndiwe unayeelewa simu, umekwisha. Shangazi amenitumia ujumbe wa mdogo wangu aliyeko chuoni, anataka nimpimie kama kijana ameandika mwenyewe au ameandikiwa na akili mnemba. Ujumbe wenyewe huu hapa: "Shikamoo shangazi. Nashukuru sana kwa mchango wako. Mungu akubariki na akuzidishie ulipotoa."

Maneno kumi na mawili! Hata OpenAI, waliotengeneza mashine yenyewe, walipotoa kipimo chao Januari 2023 walionya kwamba chini ya herufi 1,000 hakiaminiki hata kidogo. Julai mwaka huohuo wakakiondoa, kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo mno. Shangazi anasema labda sikubofya vizuri.

Nikamweleza. Vipimo vingi hutazama kila neno na kuuliza: je, mashine ingelitarajia neno hili hapa? Yanayotarajiwa yakizidi, mwandishi anashukiwa. Chukulia kwamba kwa binadamu neno hutarajiwa mara moja katika kila mbili, kama kurusha shilingi, na kwa mashine mara tatu katika kila nne. Tuseme tunamshika yeyote mwenye maneno tisa au zaidi ya kutarajiwa kati ya kumi na mawili. Shilingi ya haki ikirushwa mara kumi na mbili, huangukia kichwa mara tisa au zaidi kwa bahati tu kiasi cha mara 7 katika 100. Kwa hiyo katika kila wapwa 100 wasio na hatia, saba wananyimwa ada. Na mashine yenyewe? Zaidi ya thuluthi ya jumbe zake zitapata chini ya tisa na kupita salama. Ungekuwa waraka wa maneno 200, bahati isingefika kwenye 150, na hapo ningesema kitu.

Halafu hiyo ni hesabu ya huruma. Nani hapa nchini anashukuru kwa maneno yasiyotarajiwa? Baada ya "Mungu", hata mtoto wa chekechea anajua linakuja "akubariki". Shukrani zetu zote, na pole zetu, kipimo kitaziona za mashine, pamoja na zile alizoandika marehemu babu kabla ya umeme kufika kijijini.

Shangazi hakukata tamaa. Akasema basi tukusanye jumbe zote za kijana, tuziunganishe ziwe ndefu. Wazo si baya, nakiri kwa uchungu; ila lingefaa kama zote zingeandikwa na mkono mmoja. Tukizichanganya, za kwake zitazifunika za mashine. Akazituma hata hivyo. Zote zinasema, "Shangazi mambo, niongezee vocha bac." Hizo sikuhitaji kipimo.