Suti Ikigoma Kufungwa

Kwa miaka mingi duka la shangazi yangu pale Embu lilikuwa na tangazo moja tu ukutani, la rangi nyekundu: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Chini yake, kwa kalamu nyingine, mtu aliongeza "Karibu tena". Mama mmoja aliyerudi na chupa ya chai inayovuja aliuliza anakaribishwa tena kufanya nini, kulia?

Mwaka huu Januari ilipoingia na mifuko ikaanza kurudi dukani, shangazi aliniita niandike tangazo jipya. "Wewe ndiye mwenye maneno huku kwetu," alisema, kwa sauti ya kuonyesha kwamba pesa wanazo wengine. Nikajua kazi hii hailipwi.

Nilianza kwa kumvunja moyo. Lile tangazo jekundu, nilimwambia, halimzuii mteja aliyeuziwa kitu kibovu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 kinahesabu kwamba kila muuzaji amehakikisha bidhaa yake ina ubora unaofaa, na maneno yoyote ya kuifuta dhamana hiyo ni batili, hata yaandikwe kwa rangi nyekundu. Chupa inayovuja inarudi. Lakini sweta ambalo halina kasoro yoyote ila limemfanya mtu afanane na gunia, hilo ni suala la hisani ya mwenye duka.

"Kwa hiyo hisani ni yangu," shangazi alisema, akachangamka.

"Ni yako, shangazi. Ila ukishaibandika ukutani inakuwa ahadi."

Basi tukakaa kupanga hisani. Jambo la kwanza lilikuwa siku. Yeye alitaka siku 14 tangu kununua, kama alivyoona kwenye maduka ya Nairobi. Nikamkumbusha suti ya mzee wa Makutano. Shangazi ana tawi dogo kule Meru, na huko likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo msimu wa kutahiri wavulana. Baba ananunua suti mwezi wa Novemba, kijana anaingia kutahiriwa, anakaa ndani akipona na kufunzwa, akitoka anavikwa nguo mpya mbele ya watu. Shida ni kwamba huko ndani kijana hulishwa kweli kweli: nyama, uji, na uji tena. Yule wa mzee aliingia akiwa mwembamba kama mwiko, akatoka na tumbo lililokataa kabisa kukutana na kifungo. Zile siku 14 zingekuwa zimeisha kabla hata suti haijafunguliwa.

Kwa zawadi, kuhesabu tangu siku ya kununua ni kumwadhibu anayenunua mapema, ilhali huyo ndiye mteja wa kuombewa. Tuliamua kutaja tarehe tatu za kalenda ambazo kila mtu anaweza kuzisoma: kilichonunuliwa kuanzia 15 Novemba hadi 31 Desemba kinabadilishwa mpaka 20 Januari. Hakuna wa kuhesabu vidole mbele ya kaunta.

Kisha risiti. Yule mzee alikuwa nayo, lakini aliiweka kwenye dashibodi ya pikapu wiki nzima juani, ikabaki nyeupe kama cheti cha kuzaliwa malaika. Karatasi hizo hazina wino. Zina dawa inayogeuka rangi kwa joto la mashine, kwa hiyo jua hufifisha maandishi, na ukiiweka karibu na jiko inakuwa nyeusi yote. Kwenye simu alikuwa bado na ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe huo unaonyesha kiasi, jina la duka, saa na nambari ya muamala, ila hausemi alinunua nini. Elfu kadhaa zinaweza kuwa suti au masufuria. Lakini ukijua siku, saa na kiasi, mauzo yenyewe unayapata kwenye mashine ya dukani. Tukaandika kwamba ujumbe wa M-Pesa unatosha kututafutia risiti, na tukapanga kuwaomba wateja kwenye kaunta waipige risiti picha siku ile ile.

Shangazi aliuliza kwa nini tusisahau risiti kabisa, tuishi kwa kuaminiana. Nikamkumbusha blanketi.

Blanketi hilo liliuzwa Desemba iliyotangulia kwa shilingi 2,320. Ndani ya bei hiyo, shilingi 2,000 ni za duka na 320 ni VAT ya asilimia 16, na risiti ilipotoka, mauzo yalienda moja kwa moja KRA kupitia eTIMS. Januari akaja msichana mpole, hana risiti, anasema ni zawadi na kwao blanketi zimejaa. Shangazi akamhurumia, akampa 2,320 taslimu. Ili kufuta mauzo kihalali duka hutoa kredit noti, na hiyo lazima itaje nambari ya risiti ya kwanza. Hakukuwa na nambari, kwa hiyo kwa KRA blanketi bado lilikuwa limeuzwa, na zile 320 zilipaswa kulipwa kutoka droo ambayo tayari ilikuwa imetoa kila kitu.

Hilo lingevumilika. Kesho yake aliingia mama mkwe mtarajiwa wa yule msichana, risiti mkononi, akauliza kwa utaratibu wa kutisha: "Nasikia mmerudisha pesa. Za nani?"

Ndipo ilipozaliwa kanuni ambayo mimi naiona ndiyo moyo wa tangazo lote: pesa hurudi kwa simu au mkono uliolipa, na aliyepokea zawadi anapata kubadilisha au vocha. Nayo inahitaji karatasi ya pili, risiti ya zawadi, yenye nambari ya mauzo na jina la bidhaa lakini bila bei. Mnunuzi anaiomba pale pale kwenye kaunta, inakunjwa ndani ya zawadi. Asiye na karatasi yoyote tunampokea pia, ila kwa bei ya siku hiyo. Sweta la 1,800 likishuka hadi 1,200 kwenye punguzo la Januari, thamani yake ni 1,200. Vinginevyo kuna wajanja watakaolinunua asubuhi kwa 1,200 na kulirudisha mchana kwa 1,800.

Tangazo likatoka hivi:

"Zawadi haikutosha? Usijali. Kilichonunuliwa 15 Novemba hadi 31 Desemba, tutakubadilishia hadi 20 Januari, Embu au Meru, kikiwa hakijavaliwa na lebo yake ipo. Njoo na risiti, risiti ya zawadi au ujumbe wa M-Pesa. Huna? Tutakupa vocha ya bei ya leo. Pesa hurudishwa kwa aliyelipa tu. Chupi, hereni na kitambaa kilichokatwa havibadilishwi. Kitu kibovu ni kosa letu: kirudishe hata baada ya tarehe hizo."

Maneno "Embu au Meru" yalitugharimu ugomvi wa jioni nzima, kwa sababu kila tawi lina daftari lake la mali. Lakini nauli ya kwenda na kurudi kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes ingemeza nusu ya sweta.

Siku ya kwanza ya tangazo alikuja dada mmoja na risiti ya zawadi, anataka kubadilisha shali achukue sufuria. Kijana wa kaunta akamwambia kwa sauti ya kondakta: "Ongeza mia tano hamsini, sufuria ni elfu moja mia nne!" Yule dada akatoa hesabu kichwani, akageuka taratibu kumtazama mwanamume aliyekuwa amemsindikiza, ambaye ghafla alikuwa anasoma kwa makini sana sehemu ya chupi na hereni.

Sasa kijana ameagizwa kuandika nyongeza peke yake kwenye kikaratasi, na vibandiko vya bei kwenye masufuria vimegeuzwa vikaangalia ukuta.