Fisha Moja kwa Kuta Zote

Desemba ikikaribia, Moshi yote inatoboa kuta. Watoto wanarudi kutoka Dar, nyumba za Kibosho na Marangu zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, na kila mwenye nyumba anataka shelfu la glasi. Fundi naye anafika na drili ya kuazima na mfuko wa fisha namba 8, kama mganga mwenye dawa moja ya magonjwa yote.

Kwenye nguzo ya zege sina ugomvi naye sana. Biti ya milimita 8, shimo lizidi urefu wa fisha kwa sentimita moja hivi, puliza vumbi, kaza skrubu, fisha itanuke na kubana. Lakini wetu hapulizi! Biti ikicheza shimo likapanuka, anashindilia njiti ya kiberiti. Mjerumani Artur Fischer alibuni fisha ya nailoni mwaka 1958, na sisi bado tuko kwenye njiti.

Ugomvi unaanza kwenye tofali zenye matundu. Drili inasukuma kwa shida kidogo, kisha ghafla inatumbukia. Fundi anafurahi kwamba ukuta ni laini. Laini wapi! Nyama ya tofali ni kama sentimita tatu, nyuma yake ni hewa. Hapo nyundo ya drili izimwe, maana inapasua tofali upande wa ndani usiouona. Fisha ya kawaida inatanukia hewani, halafu inazunguka pamoja na skrubu. Inatakiwa ile inayojikunja fundo kwa nyuma, au boliti ya mabawa yanayofunguka ndani. Boliti ya chuma ya kutanuka ibaki kwenye zege. Kwenye tofali hili inapasua.

Sasa jipsamu, ukuta wa kugawia vyumba. Vumbi la drili linatoka jeupe, laini, na ukigonga panalia ngoma.

“Mzee, hapa hata injini inakaa,” fundi ananiambia.

“Fundi, tupige hesabu kwanza.”

Shelfu lina upana wa sentimita 25, na glasi na sahani zake tuseme kilo 30. Uzito unakaa katikati, sentimita 12 na nusu kutoka ukutani. Kama mabano yana urefu wa sentimita 20 kwenda chini, skrubu za juu zinavutwa nje kwa karibu kilo 19. Chukua mabano mafupi ya sentimita 10, mvuto unakuwa mara mbili. Karatasi na unga wa jipsamu havivumilii hayo mwaka mzima.

Pitisha sumaku ukutani. Itanasa penye skrubu zilizoshikilia bodi, na skrubu hizo zimejipanga juu ya fremu. Fremu nyingine kwa kawaida iko sentimita 40 au 60 pembeni. Mabano yafungwe humo, kwa skrubu inayoingia kwenye fremu yenyewe. Pasipo na fremu, tundikeni picha ya harusi. Glasi za wageni zipelekeni kwenye zege.