Rais Asiyetajwa

Tarehe 2 Juni 2025, Christian Bosembe, mwenyekiti wa CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, aliviamuru vyombo vya habari vyote vya Kongo vinyamaze siku 90: visiripoti shughuli za rais wa zamani Joseph Kabila, visiwahoji watu wa chama chake, PPRD. Atakayekaidi asimamishwe.

Sasa mfikirie mtangazaji wa Bafwasende, kilomita zaidi ya 200 za barabara ya matope kutoka Kisangani. Kabila alitawala miaka 18. Msikilizaji akipiga simu kuuliza barabara hiyo iliahidiwa na nani, ajibiwe nini? "Bwana mmoja"?

Utamu wenyewe uko Goma. Kabila alikuwa amefika huko Mei, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa M23, na M23 wakasema redio za kwao hazitatii. Kwa hiyo alipokuwapo Kabila amri haikufika; ilifika salama kule ambako hakuwapo. Bafwasende ilitakiwa kunyamaza kwa niaba ya Goma.

Na ingenyamaza, kwa sababu redio huzaliwa kwa karatasi: kibali cha wizara, maoni ya CSAC, masafa. Anayeshiriki kukufungulia mlango ndiye anayeweza kukufungia, na redio ya kijijini haina wakili Kinshasa.

Tusimwonee Bosembe, vita ni vita, na uchochezi upo. Lakini ibara ya 212 ya Katiba inaipa CSAC kazi ya kulinda uhuru wa habari. Inaulinda kweli. Imeuweka kabatini, na ufunguo inao.