Mteja Mtarajiwa Mpendwa

Nilikabidhiwa kurasa nne za maneno ya kuuzia taa za sola kwa simu, nikaambiwa niyalainishe kidogo. Mstari wa kwanza ulisema hivi: “Habari yako mteja wetu mtarajiwa mpendwa, unaongea na afisa uhusiano kutoka kampuni inayoongoza katika kutoa masuluhisho ya nishati jadidifu kwa kaya za Watanzania, na ningependa kuchukua dakika chache za muda wako wa thamani.”

Ukiisoma kimya, ni sentensi yenye heshima zake. Nikampa dada mmoja wa dawati la simu aisome kwa sauti huku amenipa mgongo, maana kwenye simu hakuna uso wa kukuokoa. Pumzi ilimwishia kwenye “jadidifu”. Akavuta nyingine, akamalizia kwa mbio kama kondakta anayetaja vituo. Mlinzi alikuwa mlangoni anasikiliza, nikamuuliza: huyu anauza nini? “Huyo anataka hela tu,” akasema. Sikumlaumu. Siku hizi namba ngeni ikianza na utamu mwingi, mtu anangoja tu kuambiwa “ile hela tuma kwenye namba hii” ili akate.

Kasoro kubwa kuliko urefu ni kwamba salamu haikuachiwa nafasi ya kuitikiwa. Mama wa Dumila anauliza “nani mwenzangu?” na dada yuko kwenye masuluhisho. Tukaanza upya: “Haloo, shikamoo mama,” kisha unatulia mpaka marahaba ije. Ndipo unataja jina lako, unakopiga, na namba umeipata wapi: “Napiga kutoka ofisi ya taa za sola hapa Morogoro. Namba uliiacha kwa wenzetu siku ya gulio.” Halafu: “Nimekupata wakati mzuri, au uko shambani?” Bosi aliogopa kwamba tunawafungulia watu mlango wa kutorokea. Kweli wapo waliotoroka, ila aliyekuwa shambani kweli alisema mwenyewe apigiwe saa ngapi.

Pingamizi ndizo zilizonichekesha. Karatasi ilisema: “Mteja akieleza kuwa ana mashaka juu ya uwezo wake wa kifedha kwa sasa…” Kwenye simu zilizorekodiwa sikumsikia hata mmoja anayeongea hivyo. Nilisikia “mwezi huu mgumu mwanangu,” na “mbona za dukani rahisi?” na ile ngome isiyobomoka, “ngoja nimuulize baba watoto.” Nikaziandika hivyohivyo, kwa maneno yao. Mpigaji akitupa jicho kwenye karatasi asilione neno alilolisikia sasa hivi, anaanza kubabaika, na mteja anasikia.

Majibu nayo yote yalianza na “Ninaelewa kabisa wasiwasi wako, lakini…” Ikifika “lakini”, mteja anajua ubishi umeanza. Tukaifuta. Badala yake unalipokea neno lake, unauliza swali moja: “Sawa mama, muulize. Yeye akisikia habari ya sola, ataanza kuuliza nini?” Mama mmoja akajibu papo hapo: “Atauliza ikiharibika anatengeneza nani.” Kumbe mwenye swali alikuwa yeye, baba watoto amesingiziwa tu. Akaambiwa kwamba mkataba unawabana wenye taa watengeneze bure kwa miaka miwili, na mazungumzo yakasogea. Mwezi mgumu tuliuheshimu zaidi. Kianzio kilikuwa 40,000, kisha 1,000 kila siku, na kabla ya mavuno hakuna maneno matamu yatakayoizalisha hiyo elfu. Unauliza wanavuna lini, unaandika tarehe, unaaga.

Swali la kufungia lilikuwa: “Je, uko tayari kubadilisha maisha yako leo?” Bibi mmoja alijibu “sawa mjukuu wangu”, fundi akapanda bodaboda na paneli mgongoni mpaka kijijini. Akamkuta anapepeta mchele, hana habari. Alikubali ili simu ikatike, mboga ilikuwa inaungua. Tukaweka swali lisilojibika kwa “sawa”: “Fundi aje Jumamosi asubuhi, au Jumapili mchana?” Asiyetaka sola inambidi aseme hataki, na fundi anapona safari.

Baada ya swali hilo mpigaji lazima anyamaze, na hapo ndipo pagumu. Wengi hawavumilii kimya, wanaanza “haloo? haloo?” au wanashusha bei bila kuombwa. Basi chini ya swali nikaandika kwa herufi nene: NYAMAZA. Kijana mpya akampigia mzee mmoja, akasoma vizuri kabisa, na pumziko kaliweka: “Fundi aje Jumamosi asubuhi, au Jumapili mchana, baba? Nyamaza.”

Mzee aliongea dakika nzima, na sehemu kubwa ilihusu malezi ya kijana. Siku hizi pale pana mstari mtupu.